Nilivyobandika uso wa muigizaji kwa mbadala wake, kwa ruhusa ya wote wawili

Shoti yenyewe ni ya sekunde tatu. Pikipiki inaacha barabara, inaruka mtaro, na dada aliyeipanda anaangukia upande wa pili. Mhusika anatoroka usiku bila helmeti, na mwongozaji alitaka uso wake uonekane wazi pikipiki inapoijia kamera. Muigizaji mkuu hangeweza kuruka mtaro ule. Aliyeuruka ni mbadala wake, dada anayeishi kwa kazi za stanti. Kazi yangu ilikuwa kuufanya uso uwe wa muigizaji huku mwili ukibaki wa mbadala.

Jambo hili si geni kwenye sinema. Katika Jurassic Park ya mwaka 1993, pale msichana Lex anaponing'inia kwenye tundu la dari, mbadala wake alitazama juu na sura yake ikanaswa na kamera. Mafundi wa Industrial Light & Magic wakaweka uso wa Ariana Richards, aliyeigiza Lex, mahali pake. Wakati ule kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, fremu baada ya fremu. Siku hizi modeli ya kompyuta hujifunza sura zote mbili na kuibadilisha moja kuwa nyingine, na kwa sababu imekuwa rahisi hivyo, mimi sigusi picha ya mtu kabla karatasi hazijasainiwa.

Mkataba wa muigizaji tuliuandika kwa Kiswahili chepesi. Ulitaja onyesho na shoti kwa namba zake. Ulisema picha tutakazompiga na modeli itakayotokana nazo ni za shoti hiyo tu, kwamba ataitazama shoti iliyokamilika na kuikubali kabla haijaingia kwenye filamu, na kwamba baada ya filamu kukabidhiwa tutafuta picha na modeli vyote. Wazo la kutaja matumizi bayana nililitoa kwenye makubaliano ya chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, yaliyomaliza mgomo wao wa mwaka 2023. Pale, ruhusa ya kutengeneza nakala ya muigizaji kwa kompyuta lazima ieleze nakala hiyo itatumikaje. Ruhusa inayosema tu "kwa matumizi ya filamu" haimlindi mtu.

Mbadala naye alisaini. Wengi humsahau, ilhali ndiye anayehatarisha mwili halafu sura yake inafutwa. Tulikubaliana jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu kama aliyefanya stanti, na apewe kipande cha picha halisi, kabla ya kubadilishwa, akionyeshe anapoomba kazi nyingine.

Tulipofika kwenye kupiga picha, nilimwomba mwongozaji amchague mbadala kwa kichwa chake na si kwa umbo tu. Modeli hubadilisha eneo la kuanzia nyusi hadi kidevu. Haigusi upana wa fuvu, masikio, mstari wa nywele wala shingo. Taya zikiwa na upana tofauti, mtazamaji ataona kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja.

Mara baada ya stanti, kabla taa hazijahamishwa, tulimketisha muigizaji palepale. Lenzi ileile, kamera kwenye kimo kilekile, na taa moja chini mbele yake iige mwanga uliompiga mbadala usoni. Nilimwomba ageuze kichwa taratibu kutoka bega hadi bega, atazame juu, atazame chini, afungue mdomo, akaze meno. Kisha nikamwomba afumbe macho na kuyafumbua polepole, tena kwa kila pembe. Kwa nini nilisisitiza macho? Modeli haiwezi kutengeneza ilichokosa kuonyeshwa. Picha za muigizaji zisipokuwa na macho yaliyofumbwa, kila mbadala anapopepesa utapata jicho lililokwama katikati, kama la mtu anayesinzia. Vivyo hivyo kwa mwanga: ukimpiga chini ya taa laini za studio tu, uso unatoka bapa na haukai kwenye usiku wa shoti.

Kuna jingine ambalo wageni wa kazi hii hawalitarajii. Uso ni wa muigizaji, lakini uigizaji ni wa mbadala, kwa sababu modeli inafuata misuli ya uso inaouona. Mtu anayeruka mtaro kweli hukunja uso na kufumba macho, ilhali mhusika wetu alitakiwa aonekane na hasira. Mwongozaji alikaa na mbadala, akamweleza mhusika anawaza nini wakati ule, naye akaruka akiwa amekodoa macho. Hicho ni kipaji, na ndiyo maana jina lake linastahili kuandikwa.

Kwenye kompyuta hatua ni chache: kukata nyuso kutoka kila fremu, kuzipanga zilingane, kuifundisha modeli hadi sura itulie, halafu kurudisha uso mpya kwenye picha. Kwa fremu 24 kwa sekunde, shoti yetu ilikuwa na fremu 72, na nilizikagua moja moja. Palipokuwa na shida ni pale mkono wa mbadala ulipopita mbele ya kidevu. Modeli ilichora kidevu juu ya vidole. Fremu hizo nilizichonga kwa mkono, nikaurudisha mkono mbele. Pia uso mpya ulitoka msafi kuliko picha iliyouzunguka, ikabidi niuongezee chembechembe za kamera na ukungu wa mwendo.

Muigizaji aliitazama, akaikubali.

Baadaye mtayarishaji mmoja aliyeshiriki kwenye mradi akanipigia. "Kaka, si ile modeli bado unayo? Nitengenezee kipande kifupi, dada awaambie watu wanunue tiketi. Tutaweka sauti wenyewe, hata hatajua." Kiufundi ilikuwa kazi ya jioni moja. Nikakataa, nikamwomba ampigie muigizaji mwenyewe.

Alichoomba kilihitaji modeli ileile na picha zilezile, lakini ni udanganyifu. Kwenye shoti ya pikipiki, mwenye uso anajua, mwenye mwili anajua, na mtazamaji anajua anatazama hadithi. Hakuna anayeamini kwamba dada yule alitoroka kweli. Kwenye tangazo, mtazamaji anaambiwa kwamba mtu halisi amesema neno fulani, naye anatoa pesa kwa kuliamini, wakati mwenye uso hajalisema. Ndivyo zilivyo zile video za watu maarufu wanaosifia mikopo na uwekezaji ambao hawajawahi kuusikia. Ubora wa picha hauingii hapa. Video mbaya inayomsingizia mtu ni udanganyifu, na shoti yetu, hata ingetoka vibaya, ingekuwa sinema tu.

Muigizaji alipoulizwa, alisema atarekodi tangazo mwenyewe kwa simu, na alirekodi. Filamu ilipokabidhiwa, nilifuta folda ya nyuso, modeli, na nakala zilizokuwa kwenye diski ya akiba, kwa sababu hiyo ndiyo husahaulika, nikawaandikia wote wawili kuwaeleza kilichofutwa. Kilichobaki ni shoti yenyewe, na kile kipande halisi cha mbadala, ambacho ameshakituma kwenye uzalishaji mwingine.