Mteja mpya alidhani tutamwandalia hesabu

Mhasibu wa mteja mpya alitukabidhi urari tu, yaani orodha ya salio za akaunti, kisha akauliza taarifa za fedha zitakuwa tayari lini. Nikairudia barua ya makubaliano. Kosa lilikuwa letu: tuliandika "kukagua hesabu za mwaka" bila kusema nani anaziandaa. Tungeziandaa sisi, tungekuwa tunajikagua wenyewe.

Nilisimamisha kazi, nikaiandika barua upya kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 210. Safari hii menejimenti ilikiri kwamba kuandaa taarifa ni jukumu lake, udhibiti wa ndani pia, na kwamba itatupa nyaraka zote na kuturuhusu kumhoji mfanyakazi yeyote. Mkurugenzi alisita hapo mwishoni. Nikamwambia bila kifungu hicho hatuupokei ukaguzi. Akasaini, na urari ukarudi kwa mhasibu wake.