Akaunti ya filamu ilipokataa ikisema vifaa vimezidi

Ujumbe uliotokea kwenye televisheni yetu ulisema kwamba vifaa vilivyoingia kwenye akaunti vimezidi, tuondoe kimoja ndipo tuendelee kutazama. Nilishangaa, maana nyumbani tuna televisheni moja, simu mbili na kompyuta moja, basi. Mke wangu akashauri tubonyeze kile kitufe cha kutoa vifaa vyote kwa mkupuo. Nikamwomba asubiri. Nilitaka kwanza kuona ni nani waliomo, kwa sababu ukishafuta vyote kwa pamoja unapoteza ushahidi wa nani alikuwa anatumia akaunti yako.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua ni kikomo gani tumefikia. Huduma hizi zinaweza kuwa na vikomo vya aina mbili. Kipo kikomo cha skrini zinazoonyesha kwa wakati mmoja: kifurushi cha Standard cha Netflix, kwa mfano, kinaruhusu skrini 2, na Premium skrini 4, hata kama walioingia kwenye akaunti ni wengi kuliko hapo. Halafu kuna huduma zinazohesabu vifaa vyenyewe vilivyosajiliwa au kuingia, viwe vinaonyesha kitu au vimezimwa kabatini. Kuvitofautisha ni rahisi. Wote acheni kutazama, mfunge programu, msubiri dakika kadhaa, kisha mjaribu kifaa kimoja peke yake. Kikikubali, tatizo lilikuwa skrini za wakati mmoja. Kile kipindi cha kusubiri msikiruke, hasa kwetu ambako umeme hukatika ghafla: televisheni ikizimika bila kufunga programu, haikupata nafasi ya kuiaga seva, na seva huendelea kuihesabu kwa muda kama vile bado inaonyesha. Sisi tulisubiri, ujumbe ukabaki vilevile. Basi tatizo letu lilikuwa orodha ya vifaa.

Orodha hiyo sikuitafuta kwenye televisheni. Nilifungua kivinjari cha simu, nikaandika mwenyewe anwani ya huduma, nikaingia kwenye ukurasa wa akaunti. Nasisitiza kuandika anwani mwenyewe kwa sababu matapeli hutuma meseji na barua pepe zinazosema vifaa vimezidi, bonyeza hapa uthibitishe, na ukibonyeza unawakabidhi nenosiri. Sehemu ninayoizungumzia hukaa chini ya mipangilio ya usalama, na huitwa "Manage devices" au jina linalofanana na hilo. Kwenye Netflix inaandikwa "Manage access and devices".

Tulikuta mistari 10. Kila mstari ulionyesha aina ya kifaa, wasifu uliotumika, mji, na tarehe kilipotumika mara ya mwisho. Ule mji msiuamini sana. Unakisiwa kutokana na anwani ya intaneti, na mitandao ya simu hupitisha wateja wake wa mikoani kwenye mitambo iliyo mbali na walipo. Simu ya mke wangu, ambayo alikuwa nayo Morogoro wiki nzima, iliandikwa Dar es Salaam. Tarehe na wasifu ndivyo vya kutegemea.

Ugumu ulikuwa kwenye mistari minne iliyosomeka sawasawa: kompyuta, kivinjari kilekile. Nikafungua huduma kwenye kompyuta yetu, nikacheza filamu kwa dakika moja, nikarudi kwenye orodha na kuipakia upya. Mstari mmoja ukabadilika tarehe na kuwa ya leo. Huo ndio wa kweli. Mingine mitatu ilikuwa mabaki yake: kila unapofuta kumbukumbu za kivinjari, au kuingia kwa dirisha la faragha, seva inaweza kuiona kompyuta ileile kama kifaa kipya. Njia hii ya kucheza kidogo kisha kutazama tarehe naipenda kuliko kubahatisha, na niliirudia kwa simu na televisheni mpaka vifaa vyetu vinne vikajulikana kwa uhakika.

Mbali na mabaki hayo matatu, ilibaki mistari mitatu mingine. Mmoja ulikuwa televisheni tuliyoiuza tulipohama Tabata. Aliyeinunua aliniambia kwamba alifuta programu siku ileile, na nilimwamini. Lakini kufuta programu hakukutoi kwenye akaunti. Unapoingia, seva hukipa kifaa tokeni, yaani alama ya siri inayokitambulisha ili usiulizwe nenosiri kila siku, na huandika kumbukumbu ya kifaa hicho upande wake. Ukifuta programu umeondoa tokeni iliyo kwenye kifaa, ila seva haina habari, na mstari wako unabaki kwenye orodha. Mstari wa pili ulikuwa televisheni ya nyumba ya wageni Arusha tulikolala wakati wa msiba. Hii ilinitia wasiwasi zaidi, kwa sababu pale tokeni bado ilikuwa hai na mgeni yeyote angeweza kuingia kwenye wasifu wetu.

Mstari wa mwisho ulikuwa simu tusiyoijua, iliyotumika jana yake, kwenye wasifu tuliouita Wageni.

Nikapiga picha ya orodha, kisha nikabonyeza "Sign out" mstari kwa mstari kwa vile sita visivyo vyetu au vilivyokufa. Televisheni ikakubali tena. Nenosiri sikulibadilisha usiku huo, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Kifaa kinachoishi kwa tokeni ya zamani tu, ukikitoa hakiwezi kurudi. Kikirudi, ujue kwamba mwenye nacho analo nenosiri lenyewe. Kwa akaunti ambayo mtu ameshaanza kubadilisha barua pepe au kifurushi nisingethubutu kungoja hata saa moja. Yetu ilikuwa haijaguswa kitu.

Kesho yake jioni ile simu ikarudi kwenye orodha, wasifu uleule wa Wageni. Televisheni ya Arusha haikurudi.

Wasifu ule ndio ulionielekeza. Huutumia watoto wa dada yangu wanapokuja likizo. Nikampigia mkubwa wao, anayesoma Mwanza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umebadilisha simu?"

"Ndiyo mjomba, ile ya zamani ilivunjika. Namba za kuingilia nilikuwa nimezihifadhi."

Nikamuuliza kama kuna mwingine aliyempa. Akasema mwenzake wa chumbani, ila huyo hutumia simu yake yeye. Tukakubaliana aendelee kutazama akiwa likizo kwetu, kwa sababu sheria za huduma hii zinataka akaunti iwe ya watu wa nyumba moja.

Hapo ndipo nikabadilisha nenosiri. Kwenye ukurasa huo kuna kisanduku cha kuweka tiki ili vifaa vyote vitakiwe kuingia upya, na bila tiki hiyo huduma nyingine huviacha vyenye tokeni viendelee kana kwamba hakuna kilichobadilika. Nikaweka tiki. Nikabadilisha na nenosiri la barua pepe, kwani lilifanana na lile la zamani, na aliye na barua pepe anaweza kuomba nenosiri jipya la akaunti wakati wowote.

Simu ya Mwanza haikukatika papo hapo. Kifaa hutolewa pale programu inapowasiliana na seva, kwa hiyo chenye filamu zilizopakuliwa na kisicho na bando kinaweza kuendelea kuzionyesha kwa muda. Kesho yake mpwa wangu akanitumia picha ya skrini yake ikimtaka aingie upya. Orodha sasa ina mistari minne, na kila mmoja naujua uko chumba gani.