Fungu la Jirani katika Idi ya Kuchinja

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kwa ndugu zetu wa Kadutu, Ibanda na Bagira, kwa jamaa walioko Goma, Uvira na Kasongo, na kwa majirani zetu wote hapa Bukavu, Waislamu kwa Wakristo, sisi watu wa nyumba hii tunawatakia Idi yenye amani. Mwenyezi Mungu atutakabalie sisi na ninyi.

Wiki hii tumependa kutafakari pamoja nanyi juu ya fungu moja tu la ibada ya udhiya, nalo ni lile linalotoka nyumbani kwenda kwa jirani. Katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 36, Mwenyezi Mungu anatuamuru tule katika nyama ya mnyama tuliyemchinja na tuwalishe watu wa namna mbili: yule aombaye, na yule aliyetosheka na alichonacho asiyenyoosha mkono. Aya ya 37 inafuata na kueleza kwamba nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, bali kinachomfikia ni uchamungu wetu. Aombaye huja mwenyewe mlangoni siku ya Idi, na ni nadra aondoke mikono mitupu. Asiyeomba ndiye anayesahaulika, kwa kuwa mlango wake umefungwa, watoto wake wamevaa nguo safi, na hakuna ajuaye kwamba tangu jana jiko lake halijawashwa.

Katika mji wetu wa leo wapo wengi wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo tunawakumbusha tukio lililopokewa na Bibi Aisha, Mungu amridhie, na kuhifadhiwa na Imamu Muslim. Mwaka mmoja, wakati wa Idi ya kuchinja, watu wa jangwani waliingia Madina wakiwa katika dhiki. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaamuru watu wa mji waweke nyama ya siku tatu tu, na itakayobaki waitoe sadaka. Baadaye watu walimwendea wakasema kwamba wamezoea kutengeneza viriba kwa ngozi za udhiya na kuyeyusha mafuta yake, ilhali yeye amekataza nyama isiliwe baada ya siku tatu. Akawajibu kwamba aliwakataza kwa ajili ya wale waliokuja, na kwamba sasa wanaweza kula, kuweka akiba na kutoa sadaka.

Wanavyuoni walilitazama jambo hili kwa makini. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake hufuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ana kauli isemayo kwamba sababu ile ikirudi, yaani wakiingia mjini watu wenye dhiki, katazo la kuweka akiba zaidi ya siku tatu hurudi pamoja nayo. Wengine walisema katazo limeondolewa moja kwa moja. Hatutaki kumhukumu yeyote mwenye friji iliyojaa, lakini nyumbani kwetu tumechagua kauli ya kwanza, kwa sababu hatuoni mwaka wowote wa karibuni ambao sababu hiyo haikuwepo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia Sake, Gisenyi na hapa kwetu Bukavu, wengine wakishuka bandarini na watoto na magodoro tu. Mwanzoni mwa 2025 vita vilipofika Goma, kisha Bukavu, familia nyingi zilijikuta zikilala chumba kimoja na wageni wao, na mwenye nyumba anayepokea wageni huishiwa chakula kimya kimya, kabla hata wageni wenyewe hawajatambua.

Tuchukue basi mbuzi mmoja wa kawaida, mwenye kilo 25 hivi akiwa hai, ambaye akishachunwa hutoa takriban kilo 12 za nyama pamoja na mifupa. Mbuzi huyo lazima awe ametimiza umri wake, asiwe chongo, mgonjwa, kilema wala amekonda kupita kiasi, kwa namna inayoonekana wazi, na achinjwe baada ya sala ya Idi. Aliyetangulia kuchinja kabla ya sala amepata nyama ya kula tu, na udhiya yake haikuhesabiwa. Mchinjaji hulipwa fedha kutoka mfukoni mwetu. Hapewi ngozi wala paja kuwa ujira wake, maana Sayyidna Ali alikatazwa na Mtume kumlipa mchinjaji kutoka kwa mnyama mwenyewe. Baada ya hapo wengi wetu hugawa kwa mafungu matatu: kilo nne za nyumba, kilo nne za jamaa na majirani, kilo nne za maskini. Mgawanyo huo ni mapendekezo, na mwenye nyumba yuko huru kupunguza fungu lake. Mwaka wa wageni wengi sisi hubakiza kilo mbili.

Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi huharibika. Kwa Mashafii, sehemu ya maskini hutolewa ikiwa mbichi, ili aliyepewa awe na uamuzi wa kuipika, kuikausha au hata kuiuza. Lakini familia iliyofika juzi haina sufuria wala makala, na kilo ya nyama mbichi ni mzigo mikononi mwa mama asiye na moto. Kwa hiyo tunampelekea maskini fungu lake likiwa bichi kama sheria inavyotaka, kisha kutoka katika fungu letu wenyewe tunapika mchuzi, tunaupeleka pamoja na fufu. Ukiona nyama uliyotoa asubuhi bado imeninginia jioni katika mfuko ule ule, ujue kilichokosekana ni moto. Jambo la pili ni uchaguzi wa vipande: fungu la jirani likiwa mifupa ya shingo na utumbo peke yake, watoto wake wataelewa, hata kama yeye atashukuru.

Tukianza kugawa, tuanze wapi? Bibi Aisha alimuuliza Mtume jambo hilo hilo, kwamba ana majirani wawili, ampelekee nani zawadi, naye akajibiwa kwamba ampe yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Katika vilima vya Kadutu mlango wa karibu mara nyingi ni wa parsele iliyo chini ya ngazi zetu, na mara nyingi ni wa Mkristo. Abdullah bin Amr, alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, aliuliza tena na tena kama jirani yake Myahudi ameshapelekewa, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba Jibrili aliendelea kumuusia juu ya jirani hadi akadhani atamfanya mrithi. Mama wa nyumba ya chini hutuletea wali na kuku kila Krismasi, na sahani yake hurudi kwake siku ya Idi ikiwa imejaa.

Tuombe pamoja.

Ewe Mola wetu, Mwenye kuruzuku, wabariki majirani zetu wa juu na wa chini, wa kulia na wa kushoto. Yule aliye na njaa na asiseme, tujulishe hali yake kabla hatujaketi kula. Waliokimbia makwao, warudishe salama, na waliowapokea, waongezee riziki na subira. Waponye wagonjwa wao, walinde watoto wao njiani, na uupe mji wetu wa Bukavu, na Goma, na nchi yetu yote, usiku wa kulala bila hofu. Amin.