Taa kwanza, viyoyozi baadaye: ripoti ya jengo letu la Barabara ya Moi

Mwenye jengo alinipa kazi huku uamuzi ameshaufanya. Alikuwa na bei mkononi kutoka kwa muuzaji wa viyoyozi: mashine 60 za inveta, zile zinazopunguza kasi zenyewe chumba kikishapoa, shilingi milioni 6.6, fedha zingerudi kwa miaka mitano. "Wewe niandikie ripoti tu, mwanangu, tuipeleke EPRA." Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012, zilizo chini ya mamlaka hiyo ya nishati ya Kenya, ziliwataka watumiaji wakubwa wa umeme wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na watekeleze angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Ukiandika akiba iliyokuzwa, basi nusu ya ndoto hiyo ni deni lako. Nikaamua kupima upya.

Nilianza na taa, kwa sababu ndizo rahisi kuhesabu. Jengo lilikuwa na tyubu 600 za futi nne za wati 36, lakini choki ya sumaku, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, nayo hula umeme wake. Mita ya kubana waya haikufaa hapa: inasoma ampea tu, na tyubu za choki huvuta ampea nyingi kuliko wati zinazotumika kweli, kwa hiyo ukizidisha kwa volti unapata akiba hewa. Nilipima kwa mita inayosoma wati, ikatoa 45 kwa kila taa. LED ya wati 18 ingeokoa 27.

Nilipozunguka ofisi kwa ofisi saa tofauti za siku, nikakuta wastani wa taa nane tu kati ya kumi ndizo zinazowaka. Kwa saa kumi za kazi na siku 264 kwa mwaka, akiba ikawa kama uniti 34,000. Kwenye bili yetu kila uniti inayopungua ni kama shilingi 20, yaani shilingi 680,000 kwa mwaka, dhidi ya gharama ya 420,000 pamoja na fundi. Nilimwandikia fundi sharti moja: choki na stata zitolewe kabisa. Choki ikibaki kwenye waya huendelea kula umeme kimyakimya, na baadhi ya LED hufa mapema kwa sababu yake.

Sasa utamu wenyewe. Kila wati ya taa huishia kuwa joto ndani ya chumba, na hapa Mombasa hakuna msimu ambao joto hilo linatufaa. Kiyoyozi ndicho hulitoa. Niliposema asilimia 80 ya taa ziko kwenye vyumba vyenye viyoyozi, na mashine zetu kuukuu hutoa uniti mbili na nusu za joto kwa kila uniti ya umeme, nikapata uniti 11,000 zaidi zinazookolewa bila kununua kitu. Muda wa kurejesha gharama ya taa ukashuka chini ya miezi sita.

Uniti hizo 11,000, hata hivyo, lazima zitolewe kwenye hesabu ya viyoyozi. Vilikuwa vikila 185,000 kwa mwaka. Toa za taa, zikabaki 174,000. Kisha kusafisha koili zilizojaa chumvi na vumbi, na kupandisha rimoti kutoka nyuzi 18 hadi 24: nilikadiria asilimia 20, zikabaki 139,000. Ni hapo tu ndipo inveta inapoingia. Ikiokoa asilimia 35 ya hizo, ni karibu uniti 49,000, shilingi 970,000 kwa mwaka. Milioni 6.6 zinarudi kwa karibu miaka saba, si mitano. Muuzaji alichukua asilimia ile ile, ila juu ya 185,000, kana kwamba taa na usafi havitafanywa.

Miaka saba si midogo kwa mashine ya nje inayopigwa na upepo wa bahari. Upande wa jengo unaotazama bandarini nilikuta mapezi ya koili yamesagika hadi yanapukutika kwa kidole.

Lakini chumba cha seva kilitoa jibu tofauti. Kiyoyozi chake hakizimwi, na kila saa kinavuta wastani wa kilowati moja na nusu. Hiyo ni uniti 13,000 kwa mwaka. Inveta ingeokoa 4,600, shilingi 92,000, kwa mashine ya 110,000. Fedha zinarudi kwa takriban miezi 14. Mashine ile ile, bei ile ile, saa tu ndizo tofauti.

Mwenye jengo alinuna kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo hizi zingine?" Nikamwambia zibadilishwe zinapokufa, na koili za mpya zipakwe dawa ya kuzuia kutu. Kusafisha kukaingizwa kama gharama ya kila mwaka, shilingi 210,000, kwa maana chumvi hairudi nyumbani baada ya kuoshwa mara moja.

Ripoti ilimalizia na jinsi ya kuhakiki: bili ya Februari ilinganishwe na Februari iliyopita. Ukiilinganisha na ya Julai, kaskazi itakula akiba yote kwenye karatasi.