Jinsi nilivyoisoma nambari ya simu iliyoandikwa kwa herufi

Friza ya ami yangu, anayeuza samaki hapa Lamu upande wa Langoni, ilizima usiku mmoja ikiwa na changu na tengesi wa siku mbili. Asubuhi nilimkuta ameinama nyuma ya friza na tochi, akisoma stika ya kampuni iliyomuuzia. Nambari ya huduma ilianza kwa 0800, kisha likafuata neno badala ya tarakimu. Kwa kuwa nambari ile ni ya watu, hapa nitaibadilisha kwa neno jingine lenye umbo lile lile: 0800 MAJOKOFU.

Ami alikuwa amekwisha kujaribu mara tatu kwa simu yake ya kabambe, na kila mara sauti ilimwambia kwamba nambari haipo. Nilipomwomba anioneshe alivyobonyeza, nilielewa mara moja. Alikuwa akiandika kama anavyoandika ujumbe: kwa O alibonyeza 6 mara tatu, kwa K alibonyeza 5 mara mbili, na kwa F alibonyeza 3 mara tatu, hata skrini ikajaa tarakimu 20.

“Ami,” nilimwambia, “kwenye nambari kila herufi hubonyezwa mara moja tu, iwe ya kwanza au ya mwisho kwenye kitufe chake.”

Herufi za vitufe vya kabambe yake zilikuwa zimefutika kwa kutumika, kwa hiyo nilifungua sehemu ya kupigia kwenye simu yangu na kunakili mpangilio huu kwenye karatasi ya kufungia samaki:

```
2 ABC    3 DEF    4 GHI
5 JKL    6 MNO    7 PQRS
8 TUV    9 WXYZ
```

Kitufe cha 1 na cha 0 havina herufi, na hapo ndipo nami nilipokosea. Nililiona O lile la mviringo nikalichukulia kuwa sifuri, nikaandika 62505038, na simu haikupita. Kosa hilo ni jepesi kulifanya, na hata katika simu za zamani za Uingereza herufi O iliwekwa pamoja na sifuri. Lakini katika mpangilio wa simu za leo O iko kwenye 6, pamoja na M na N. Vivyo hivyo, mtu akiona I ndani ya neno asiidhani kuwa moja, kwa sababu I ni 4.

Nilianza upya, herufi moja baada ya nyingine, huku ami akinisomea na mimi nikiandika tarakimu chini ya kila herufi:

```
M A J O K O F U
6 2 5 6 5 6 3 8
```

Sasa tulikuwa na tarakimu 8 baada ya 0800, yaani 12 kwa jumla. Hapa kuhesabu kulitusaidia kuliko kubahatisha. Nambari za bure za 0800 hapa Kenya zina tarakimu 10, yaani 0800 na nyingine sita, kwa hiyo herufi mbili za mwisho zilikuwa za kulikamilisha neno tu ili mteja alikumbuke, wala si sehemu ya nambari. Ipo mitandao inayopuuza tarakimu za ziada na simu ikapita, lakini sikuona sababu ya kutegemea hilo wakati barafu inayeyuka. Nilizikata 3 na 8 za mwisho, ikabaki 0800 625656.

Kabla ya kupiga nilimpa ami karatasi, nikamwomba anirudishie kwa kinyume: nimtajie tarakimu, naye ahakikishe kwamba herufi ya neno imo katika kundi la kitufe hicho. Ukaguzi huo hugundua herufi iliyorukwa au iliyowekwa kwenye kitufe cha jirani, lakini mtu hawezi kulipata neno kutokana na tarakimu peke yake, kwa maana 6 ya mwanzo ingeweza kuwa M, N au O. Ndiyo maana stika isitupwe hata baada ya kuisoma.

Simu ilipita. Fundi aliuliza namba ya mashine na muda ambao friza imekaa bila kuganda, akamwelekeza ami kuangalia waya wa nyuma, ambao panya walikuwa wameukata. Samaki tuliwahamishia kwenye sanduku la barafu la jirani mpaka alasiri. Kabla ya kuondoka nilikata kipande cha plasta nyeupe, nikaandika tarakimu zote 10 kwa kalamu isiyofutika, nikakibandika juu kidogo ya neno lile, mahali ambapo ami ataiona nambari bila kuinama na tochi.