Barua ya madai niliyoiandika mara mbili

Sherehe za miaka 50 ya uhuru zilikuwa zimepita siku chache tu, na vitambaa vya rangi ya bendera vilikuwa bado vinaning'inia kwenye nguzo za mtaani kwetu Magomeni, upande unaoteremkia bonde la Msimbazi. Mvua ilianza Jumanne tarehe 20 Desemba 2011. Usiku wa kuamkia Jumatano haikupumzika. Alfajiri kijana wangu wa dukani akanipigia simu, akasema neno moja tu: "Mama, maji."

Tulipofungua mlango maji yalikuwa yameshaanza kushuka, lakini bado yalinifika chini kidogo ya goti. Biskuti zilikuwa zinaelea. Mkusanyiko wa sukari, mifuko 40 iliyopangwa minane minane hadi safu ya tano, ulikuwa umeinama kama mlevi. Sukari haivimbi kama mchele, inayeyuka. Mifuko ya chini ilikuwa imebaki bapa, mto uliotolewa pamba, na ya juu yake imeshuka kuifuata majini.

Bima nilikuwa nayo, ila siwezi kusema niliikata kwa akili zangu. Benki ndiyo iliyonilazimisha nilipochukua mkopo wa shilingi milioni 15 mwaka uliotangulia. Kwa miezi yote ile mimi niliita "bima ya moto", na mafuriko nilidhani ni mambo ya Mungu na serikali. Kumbe kwenye ukurasa wa pili wa mkataba, chini ya moto na radi, palikuwa na mstari wa tufani na mafuriko, umewekewa alama ya vema. Dada wa ofisi ya wakala wa bima ndiye aliyenisomea kwa simu asubuhi ile ile. Akaniambia mambo matatu: nisitupe kitu kabla mkadiriaji wa hasara hajafika, nipige picha, na nilete barua ya madai pamoja na fomu.

Barua ya kwanza niliiandika jioni ile kwa fundi cherehani jirani yangu, ambaye kibanda chake kiko juu zaidi na hakikuguswa. Nikiisoma leo nacheka. Inaanza na uchungu wa mjane mwenye watoto watatu, inapita kwenye mitaro isiyozibuliwa, inafika mwisho na "bidhaa zote zimeharibika, hasara ni kama milioni kumi na mbili". Sukari niliandika mifuko yote 40, kwa bei ya kuuzia. Fundi alinitia moyo: "Andika zote dada, nani atahesabu?"

Dada wa wakala aliisoma kwa dakika moja akanirudishia. Hakunisema vibaya. Aliniuliza tu maji yalifika wapi ukutani.

Sikuwa nimeangalia. Nikarudi dukani Alhamisi asubuhi na futi ya fundi. Ukutani palikuwa na mstari wa tope, kahawia, umenyooka kana kwamba umepigwa rula, ukizunguka chumba kizima. Nyuma ulikuwa sentimeta 47 kutoka sakafuni, mlangoni 44, kwa kuwa sakafu yangu ina mwinuko kidogo mbele. Chaga za mbao nilizopangia mifuko zina kimo cha sentimeta 12. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukilazwa una unene wa sentimeta 17 hivi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza: maji yalifunika safu mbili, na ya tatu ikayafuata ilipodidimia. Za nne na tano zilikuwa kavu. Mkadiriaji naye angekuja na futi yake, na angeona kilekile nilichokiona mimi. Mifuko 40 ikawa 24.

Mstari ule ulijibu na swali jingine ambalo sikujua kuwa lipo. Bima ile ilifidia maji ya mafuriko yaliyoingia kutoka nje. Maji ya paa bovu linalovuja siku zote haikuyafidia, maana hilo ni tatizo la matunzo. Sasa utajuaje maji yalitoka wapi baada ya kukauka? Ya paa huacha madoa kwenye dari, huteremka ukutani kwa michirizi, na hulowesha mifuko ya juu kwanza. Ya mafuriko huacha mstari mmoja wa usawa na tope sakafuni. Basi nikapiga picha za dari isiyo na doa, za mstari nikiwa nimeushikizia futi, na za tope lililoganda chini ya chaga. Simu yangu ilikuwa na kamera mbovu, lakini namba za futi zilisomeka.

Shida kubwa ilikuwa kuthibitisha nilichokuwa nacho. Daftari la manunuzi na la mauzo vilikuwa kwenye droo ya chini ya kaunta, na vyote viwili vililowa. Niliyatandaza barazani kwa fundi, ukurasa kwa ukurasa, nikiweka gazeti katikati ya kila karatasi na kulibadilisha kila linapolowa. Hapo ndipo nilipojua tofauti ya kalamu. Kurasa nilizoandika kwa kalamu ya kawaida ya wino mzito zilisomeka zote, zimekunjamana tu. Zile alizoandika kijana kwa kalamu ya wino mwepesi aliyopewa zawadi zilikuwa mawingu ya bluu. Kwa siku tisa za kurasa hizo zilizofutika nilikwenda Kariakoo kwa mfanyabiashara wa jumla aniuziaye, nikamwomba nakala za ankara. Alikuwa nazo, kwa sababu yeye huandika kwa karatasi ya kaboni.

Ijumaa mchele ulishaanza kuvimba, magunia yakipasuka mishono, na harufu yake ilikuwa ya pombe ya kienyeji iliyoharibika. Majirani walianza kugomba. Huku bima wanasema usitupe, huku mtaa unasema toa. Nilimpigia simu dada wa wakala, akanishauri nimwite bwana afya wa manispaa, naye akampigia mkadiriaji. Mchana wote wawili walikuwa dukani kwangu. Bwana afya alisema mara moja kwamba maji yale yalikuwa na vyoo vya bonde zima ndani yake, kwa hiyo hata ngano ambayo ilishika gamba nje tu huku ndani ikiwa kavu, hairuhusiwi kuuzwa. Akaandika hati ya kuteketeza akitaja idadi ya kila kitu, na lori likapeleka mzigo dampo la Pugu. Mifuko mitupu niliibakiza, nikaifunga kumi kumi kwa kamba. Mkadiriaji aliihesabu mwenyewe.

Barua ya pili niliiandika Jumatatu ya mwaka mpya. Haikuwa na mjane wala mitaro. Sehemu yake ya katikati ilisema hivi:

"YAH: MADAI YA FIDIA KWA BIDHAA ZILIZOHARIBIWA NA MAFURIKO TAREHE 21 DESEMBA 2011. Maji ya mvua yaliingia kupitia mlango wa mbele yakafikia kimo cha sentimeta 47 ukuta wa nyuma (picha namba 1 hadi 4). Hesabu ya bidhaa ya tarehe 30 Novemba ilikuwa shilingi 19,500,000 kwa bei ya kununulia. Manunuzi hadi siku ya tukio ni shilingi 11,300,000 (ankara zimeambatanishwa). Mauzo ni shilingi 12,000,000, ambayo nikitoa faida yangu ya asilimia 10 ni shilingi 10,800,000 kwa bei ya kununulia. Hivyo bidhaa zilizokuwemo zilikuwa na thamani ya shilingi 20,000,000."

Kisha orodha. Sukari mifuko 24 kwa shilingi 92,000, jumla 2,208,000, na vivyo hivyo kwa mchele, ngano na mengineyo mpaka 7,500,000. Chini yake niliandika vilivyopona: madumu ya mafuta niliyoyaosha, na sabuni za mche ambazo maboksi yake yaliloa nikaziuza kwa bei ya hasara. Hizo nilizitoa, shilingi 300,000, zikabaki 7,200,000. Niliambatanisha hati ya bwana afya, barua ya serikali ya mtaa, na barua ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kutoka Ubungo kuhusu mvua ya siku hizo. Ile ya mwisho haikuwa na ubishi, maana nchi nzima ilishasikia kwamba Dar es Salaam haikuona mvua kama ile tangu mwaka 1954.

Nilijivunia barua ile. Nilidhani ukithibitisha hasara ya milioni 7.2, unalipwa milioni 7.2.

Mkadiriaji aliniita ofisini mwezi wa pili. Alikuwa mtu wa makamo, mpole. Akaniwekea barua yangu mezani, akagusa kwa kalamu ule mstari niliouandika kwa fahari kuliko yote, ule wa milioni 20. "Mama, hesabu zako nimezikubali, hii pia nimeikubali. Lakini umekata bima ya kiasi gani?"

Milioni 15. Benki iliangalia mkopo wake, haikuangalia duka langu, na mimi sikuangalia chochote.

Akanieleza polepole. Aliyekatia bima robo tatu ya mali yake, kwa macho ya kampuni ile robo nyingine anaibeba mwenyewe, na anaibeba kwenye kila hasara, hata ikiwa ndogo. Milioni 15 kwa milioni 20 ni asilimia 75. Asilimia 75 ya 7,200,000 ni 5,400,000. Halafu mkataba wangu ulitaka nijibebee asilimia 10 ya kila dai, yaani 540,000. Ikabaki 4,860,000.

Nilikaa kimya. Nikamwuliza, kama nisingeandika ile milioni 20 je? Akatabasamu, akasema angeikokotoa mwenyewe kutoka kwenye madaftari yangu, na kama ningekataa kuyatoa, nisingekuwa na cha kuthibitisha hata mfuko mmoja. Hapo sikuwa na la kusema. Nilimkasirikia zaidi ofisa mikopo aliyejaza ile fomu mbele yangu bila kuniuliza duka lina mali ya shilingi ngapi, na bado sijui kama nina haki ya kumkasirikia, kwa sababu sahihi iliyo chini ni yangu.

Hundi ilitoka mwezi wa nne, imeandikwa jina la benki na langu pamoja. Benki ilikata marejesho mawili niliyokuwa nimechelewa, kilichobaki nikaenda nacho Kariakoo. Mzigo ulipofika kijana aliniuliza sukari tuipange wapi. Kabla sijajibu nikaona chaga zile za sentimeta 12 ameshazipandisha mbili mbili na kuzipigilia misumari.