Selfi Ilivyonidanganya Sura ya Mteja, na Ninavyopima Sasa Kabla ya Kusuka

Saluni yangu iko Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Siku hizi wateja wengi hawaji kuulizia, wananitumia picha kwa Watsapu na swali lile lile: "Dada, kwa uso wangu huu unanishauri nini?" Wengine wako Muheza, wengine Pangani. Wanataka waje mara moja, wakae kitini, wasukwe, wawahi gari la jioni. Kwa hiyo uamuzi nautoa kwenye picha, na rasta nazinunua kabla sijamwona mtu mwenyewe.

Dada mmoja wa Muheza alinitumia selfi nzuri sana, kaipiga dirishani, nywele za wivingi zimemwangukia mashavuni. Nikaona uso wa yai: paji la wastani, mashavu yametulia, kidevu kimechongoka kidogo. Uso wa yai hauna taabu, karibu kila msuko unaupokea. Nikamwambia tutasuka rasta nyembamba zisizo na fundo, zile wateja wanaziita notlesi, njia katikati, ziishie usawa wa kidevu. Akafurahi, akatuma hela ya rasta.

Alipofika akavua mtandio, nikamwona kwa macho yangu, na hapo ndipo nilipaswa kusimama. Sikusimama. Nilikuwa nimeshakata rasta kwa urefu ule, na nilijiambia kwamba tofauti ninayoiona ni ya safari na joto. Tulianza asubuhi, tukamaliza alasiri. Nilipompa kioo alijitazama kimya, akageuza kichwa kulia na kushoto, kisha akasema, "Dada, mbona uso umekuwa kama sinia?"

Alisema kweli. Uso wake ni wa duara. Njia ya katikati iliugawa vipande viwili vilivyo sawa, kwa hiyo jicho likawa linapima upana tu. Rasta nazo ziliishia pale pale kidevuni, zikajikusanya pembeni ya mashavu na kuongeza unene mahali ambapo uso tayari ni mpana. Kila nilichokifanya kilikuwa kinyume cha alichohitaji.

Kosa hilo lilinikaa rohoni, maana mikono yangu haikukosea. Msuko wenyewe ulikuwa safi, umenyooka, haukumvuta. Kilichokosea ni picha. Nikaanza kufuatilia picha inakosea vipi.

Jibu ni umbali. Mtu akijipiga mwenyewe simu inakuwa sentimita 30 hivi kutoka usoni. Kwa umbali huo pua na mdomo viko karibu na kamera kuliko mashavu na masikio, na kilicho karibu hutoka kikubwa. Mashavu yanarudi nyuma, masikio yanakaribia kupotea, uso unatoka mwembamba na mrefu kuliko ulivyo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba kwa umbali huo pua huonekana imepanuka kwa takribani asilimia 30, lakini mpigaji akisogea mpaka mita 1.5 upotoshaji huo unaisha. Wao walikuwa wanafikiria watu wanaotaka kupasuliwa pua. Mimi nikafikiria mashavu: uso wa duara kwenye selfi unatoka kama yai. Na yule dada juu ya hilo alikuwa amefunika kingo za mashavu kwa wivingi.

Sasa naomba picha ya namna ninayoitaka mimi. Mtu mwingine ashike simu, asimame hatua mbili kubwa mbali, simu iwe usawa wa pua ya anayepigwa. Simu ikiinuliwa juu, paji linakuwa pana na kidevu kinachongoka. Ikiteremshwa, taya linajaa na kila mtu anakuwa na uso wa pembe nne. Nywele zote zifungwe nyuma mpaka masikio yote mawili yaonekane sawasawa. Sikio moja likionekana zaidi ya lingine, uso umegeuka, nairudisha picha. Mdomo ufungwe bila kucheka, kwa sababu kicheko kinapandisha mashavu na kuyatanua. Wateja wangu wengi ni watu wa mtandio, na hapo nawaomba wavue wakiwa ndani, wapigwe na mama au dada, kwa sababu mtandio uliofungwa unachora uso mpya: unaficha mstari wa nywele juu na unakata taya chini.

Picha ikija naiweka kwenye kioo cha simu, nachukua rula ya mtoto ya shule na kupima vitu vinne. Urefu, kutoka nywele zinapoanzia mpaka ncha ya kidevu. Upana wa paji. Upana wa mashavu pale mfupa unapotokeza zaidi. Na upana wa taya, kwenye kona zake, karibu na usawa wa mdomo. Sentimita zenyewe hazina maana, maana picha inaweza kukuzwa. Ninachotafuta ni kipi kinazidi kipi.

Nilimwomba yule dada wa Muheza picha ya namna hiyo, nikazipima zote mbili. Kwenye selfi urefu ulikuwa sentimita 7.0 na upana wa mashavu unaoonekana 4.9. Gawanya, unapata 1.43, na uso wa yai huwa karibu na 1.5, kwa hiyo macho yangu hayakuwa yameota. Kwenye picha ya mbali urefu ulikuwa 6.9, mashavu 5.6. Hiyo ni 1.23. Paji lilikuwa 4.7 na taya 4.6. Mashavu ndiyo mapana kuliko vyote, juu na chini panapungua kwa mviringo. Duara kabisa.

Lakini ile 1.23 peke yake haitoshi, na hili nililijua kwa mwalimu mmoja wa Chumbageni. Yeye nywele zilikuwa zimekatika kwa dawa, akaamua kunyoa aanze upya. Picha yake ilinipa urefu 6.6 na mashavu 5.4, yaani 1.22, karibu sawa na yule dada. Ningeishia hapo ningemwita duara. Taya lake, hata hivyo, lilikuwa 5.2, na paji 5.3. Vitu vitatu vimelingana karibu sawa, toka juu mpaka chini uso haupungui, halafu chini ya sikio pana kona. Huo ni uso wa pembe nne. Alipofika nilihakikisha kwa kidole: ukiteremka kutoka chini ya sikio kwenye uso wa duara kidole kinateleza mpaka kidevuni, kwenye uso wa pembe nne kinafika mahali kinakunja. Mwanga ukitoka upande mmoja kivuli kinaweza kutengeneza kona isiyokuwepo kwenye picha, kwa hiyo kidole ndicho nakiamini.

Tofauti hiyo inabadilisha kazi nzima. Uso wa duara unataka kimo na mstari unaopanda. Uso wa pembe nne kimo unakipenda pia, ila shida yake kubwa ni kona, na kona hailainishwi kwa kona nyingine. Kinyozi ninayeshirikiana naye alinyoa pembeni kwa namba 2, ambayo inaacha kama milimita 6, juu tukaacha kipilipili cha sentimita 4 hivi, na mahali pa juu panapokutana na pembeni nikamwomba apaviringishe kwa mkasi, pasiwe kama sanduku. Kisha akashika mashine ndogo achonge mbele. Nikamzuia. Vinyozi wetu wanapenda sana mstari ulionyooka wa paji wenye kona kali kwenye panja, na kwa mwanaume mwenye uso wa yai unapendeza. Kwa mwalimu huyu ungeongeza kona mbili juu ya zile mbili za taya, na uso ungekuwa tofali. Tuliacha nywele za mbele zilivyoota, akazisafisha shingoni tu. Mwalimu alijishika kichwa, akacheka, akasema anaona macho yake kwanza.

Angetaka kusuka ningemkatalia twende kilioni za moja kwa moja nyuma, zilizokazwa, kwa sababu zinafunua kona zote nne. Ningempa njia ya pembeni, mistari inayopinda, na rasta zenye ncha za mawimbi zinazopita taya. Zisiishie kwenye taya lenyewe, maana mahali nywele zinapoishia ndipo jicho linaposimama.

Kipo kipimo kimoja ambacho picha hainipi. Wanawake wengi wamesukwa kwa kukazwa miaka mingi na nywele za panja zimerudi nyuma. Hapo urefu unaopimwa ni wa nywele zilizobaki, na uso wa duara unaanza kusomeka kama yai. Nauliza zamani nywele zilianzia wapi, na naangalia kama ngozi ya panja inang'aa. Kwa mtu huyo msuko mrefu mzito wa kuinua juu, hata kama uso unaudai, simfanyii. Nampa mistari myepesi isiyobeba rasta nyingi mbele.

Nirudi kwa dada wa Muheza. Siku ile ile sikumwacha aondoke hivyo. Njia ya rasta haisogezwi kwa kitana, visanduku vimeshachorwa kichwani, kwa hiyo nilifumua mistari mitatu ya mbele tu. Nikahamisha njia kushoto, juu ya upinde wa nyusi, nikaichora kwa mshazari ielekee utosini. Nikasuka upya hiyo mitatu kwa rasta ndefu zinazofika kifuani, za nyuma nikazikusanya fundo moja utosini, nikamwachia mbili mbili pembeni zipite mbele ya masikio. Fundo likampa kimo, na zile ndefu zikashusha jicho chini ya kidevu. Kazi ya kufumua sikumtoza. Alikosa gari la jioni, akalala kwa shangazi yake Makorora.

Miezi mitatu baadaye alikuwa na harusi ya binamu yake, akanitumia picha: amesimama ukutani, nywele zimefungwa, masikio yote mawili nje, hacheki. Chini yake ameandika, "Kapiga mama, kasimama mlangoni." Nikatoa rula.